Karata Tatu Kabla ya Kumpigia Mume Wangu Simu

Nilikwenda Bologna, kaskazini mwa Italia, kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa maji, nikamwacha mume wangu Tanga pamoja na binti yetu mdogo na mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya malezi kwa kipindi chote nilichokuwa mbali. Mambo ya viza, kibali cha kuishi na kutafuta chumba yameandikwa na wengi, na sitayarudia. Ninaandika kuhusu jambo moja ambalo sikumsikia mtu yeyote akilizungumza waziwazi kabla sijaondoka, yaani hofu inayomwingia mke aliye mbali kila anapotaka kupiga simu nyumbani, na njia niliyoitumia kuituliza, ambayo ilikuwa kufunua karata tatu za taroti, yaani karata za picha ambazo watu huzitumia kutazamia, kabla ya kubonyeza namba ya mume wangu.

Nilifika mwezi wa Septemba, na wiki za mwanzo tulizungumza vizuri kila usiku. Nilikuwa nikirudi kutoka chuoni, nikila, kisha nikipiga saa mbili kamili usiku. Mume wangu ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari. Alikuwa akinisimulia ya shuleni, mtoto akija kusema neno lake, mama mkwe akinisalimu kutoka jikoni, na simu ikikatika tu pale bando lilipokwisha. Kuelekea mwanzoni mwa Novemba mazungumzo yakabadilika. Sauti yake ikawa nzito, majibu yakawa mafupi, mtoto akawa hapatikani tena kwa kuwa amekwisha kulala, na mara kwa mara nilisikia akipiga miayo wakati mimi ndiyo kwanza nimeanza kumweleza siku yangu. Nilimuuliza kama kuna tatizo akasema hakuna, na jibu hilo likanitia wasiwasi zaidi kuliko kama angelalamika.

Mwanamke niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja, mwanafunzi kama mimi na mtu mwema sana, aliniona nikikaa mezani na simu mkononi bila kupiga. Alikuwa na kasha la karata za taroti alilopewa na shangazi yake, akanieleza jinsi zinavyotumika. Kasha lina karata 78. Kati yake 22 ni karata kubwa zenye majina yake, kama Mnara, Mwezi, Jua na Kifo, na 56 zilizobaki ni karata ndogo zilizogawanyika katika mafungu manne ya Vikombe, Mapanga, Fimbo na Sarafu, kwa mpangilio unaokaribiana sana na karata tunazochezea arubastini nyumbani. Mtu anazichanganya huku akilifikiria swali lake, anazikata, kisha anafunua tatu kutoka kushoto kwenda kulia. Ya kwanza husomwa kuwa ni yaliyopita, ya pili yaliyopo, na ya tatu yajayo. Hakuna malipo na hakuna mganga wa kukukazia macho, na zoezi zima halizidi dakika tano.

Nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu ambamo kwenda kwa mpiga ramli kulikatazwa bila mjadala, na nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Nilijiambia kwamba hizi ni picha tu, na kwamba kinachokatazwa ni kumwendea mtu anayedai kuyajua ya ghaibu. Wakati huo hoja hiyo ilinitosha. Leo hainitoshi, kwa sababu swali nililokuwa nikizipelekea karata lilikuwa lilelile ambalo mwanamke wa mtaani kwetu angelipeleka kwa mpiga bao: mume wangu anafanya nini nisipomwona?

Ili msomaji aelewe kwa nini karata hizi zina nguvu juu ya mtu mwenye hofu, inafaa ajue zimechorwaje. Karata za taroti zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na zilikuwa za mchezo. Bologna kwenyewe mchezo huo bado unachezwa kwa kasha la karata 62, na wanaocheza huhesabu pointi zao bila kuogopa picha yoyote. Matumizi ya kutazamia yalikuja kuenea baadaye sana, hasa nchini Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Kasha la mwenzangu lilikuwa la aina iliyotolewa London mwaka 1909, michoro yake ikiwa kazi ya mwanamke aitwaye Pamela Colman Smith. Katika makasha mengi ya zamani, karata ndogo zilionyesha alama tu, mathalani mapanga saba yamepangwa na hakuna zaidi. Smith aliweka tukio katika kila karata, na katika karibu zote kuna watu wanaofanya jambo: mmoja analia kitandani, mwingine anaondoka usiku, mwingine anatoroka na mali. Ukimwonyesha mtu alama saba za panga hana la kusema, lakini ukimwonyesha mwanamume anayenyata huku akitazama nyuma, mwenye hofu atampa jina mara moja.

Sasa nieleze usiku ambao ulinifundisha zaidi ya zote.

Ilikuwa katikati ya Novemba, wiki ambayo nilikuwa na jaribio la katikati ya muhula. Nilizichanganya karata juu ya meza ya jikoni, nikafunua tatu. Ya kwanza, mahali pa yaliyopita, ilikuwa Sita ya Vikombe, ambayo inaonyesha mvulana akimpa msichana mdogo kikombe kilichojaa maua katika ua wa nyumba ya zamani. Ya pili, mahali pa yaliyopo, ilikuwa Saba ya Mapanga, yule mwanamume anayenyata kutoka kwenye mahema akiwa amekumbatia mapanga matano, na nyuma yake mawili yamebaki yamechomekwa ardhini. Ya tatu ilikuwa Mwezi, ambapo mbwa na mbwamwitu wanabweka kando ya njia inayopita kati ya minara miwili, na mbele yao kiumbe kama kambakoche anatoka majini. Mwenzangu alizisoma kwa upole kadiri alivyoweza: kuna mapenzi ya zamani, kuna mtu anayeficha jambo, na kuna mambo ambayo bado hayajaonekana wazi. Hakumtaja mume wangu wala mwanamke yeyote. Mimi ndiye niliyeziunganisha. Katika muda wa kuinuka na kufika chumbani, Sita ya Vikombe ilikwisha kuwa msichana fulani aliyekuwa akisoma naye zamani, na Saba ya Mapanga ilikwisha kuwa yeye mwenyewe akitoka nyumbani usiku.

Nikapiga. Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika, kisha akapokea akizungumza kwa sauti ya chini.

“Mama Zuhura, nitakupigia kesho asubuhi, inshallah.”

“Uko na nani hapo?”

Kabla hajajibu ilipita kimya ya kama sekunde mbili, na ndani ya kimya hicho nikasikia sauti ya mwanamke nisiyeitambua ikisema, “Njoo basi, acha hiyo simu.” Akasema yuko nyumbani, akaniaga, akakata.

Sikulala. Kufikia usiku wa manane nilikuwa nimemwandikia ujumbe mrefu wenye maneno ambayo kwa miaka yote ya ndoa yetu hatujawahi kuambiana, nikautuma. Aliusoma alfajiri, baada ya kukesha na mtoto mwenye homa.

Jibu lake lilikuja kwa sauti. Alieleza kwamba Zuhura alipata homa mchana, wakampeleka zahanati, akapimwa kwa kipimo cha haraka na kukutwa na malaria. Alianzishiwa dawa ya mseto, ile inayotolewa asubuhi na jioni kwa siku tatu, lakini dozi ya kwanza aliitapika muda mfupi baada ya kuimeza, na mhudumu alikuwa ameelekeza kwamba likitokea hilo irudiwe. Wifi yangu alikuja kusaidia, na wakati nilipopiga walikuwa wakihangaika kumnywesha tena, mmoja amshike na mwingine asage kidonge kwa kijiko. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya wifi, niliyemfahamu kwa miaka lakini sikuwahi kumsikia kupitia simu yenye mtandao mbovu. Hawakutaka kuniambia kwa sababu ya mtihani wangu. “Tulisema tukuambie ukishamaliza,” alisema, kisha akanyamaza kwa muda kabla ya kuendelea, “na ujumbe wako nimeusoma.”

Zuhura alipona ndani ya siku hizo tatu. Mume wangu alikaa muda mrefu zaidi bila kunizungumzia kama kawaida, na sikuwa na haki ya kumharakisha.

Jambo ambalo ningependa wengine walitafakari ni lile lililofuata. Nilipomweleza mwenzangu yaliyotokea, aliguswa sana, kisha akasema kwa nia njema kabisa kwamba basi karata zilisema kweli, kwa maana kweli kulikuwa na jambo lililofichwa. Alikuwa sahihi, na usahihi huo ndio uliokuwa na madhara. Kama karata zingetoa habari ya uongo mtupu, ningezitupa baada ya wiki moja. Lakini “kuna mtu anayeficha jambo” ni maneno yanayoweza kutimia katika nyumba yoyote, usiku wowote. Mzazi huficha ugonjwa wa mtoto, mwalimu huficha kwamba mshahara umechelewa, mama mkwe huficha kwamba magoti yanamsumbua, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemficha mume wangu kwamba fedha za ufadhili zilichelewa nikakopa za chakula. Karata ilitoa umbo tupu, hofu yangu ikalijaza mwanamke, na homa ya mtoto ilipokuja kujitokeza ililikaa umbo lilelile bila taabu. Ungeweza kuijaza kwa chochote na bado ikaonekana imetabiri.

Mimi na mume wangu tulikuja kulizungumza jambo hili kwa kina Jumapili moja asubuhi, wakati wote wawili tulikuwa tumepumzika. Nilimweleza kuhusu karata, jambo ambalo nilikuwa sijamwambia, nikategemea atanikemea kwa sababu za dini. Hakufanya hivyo kwanza. Aliniuliza swali la mwalimu wa hisabati.

“Karata zote ni ngapi?”

“Sabini na nane.”

“Na zinazokutisha wewe ni ngapi? Usinitajie za kitabuni. Zako.”

Nikazitandaza kitandani, nikaziokota moja moja huku yeye anasubiri. Zilikuwa Kifo, Mnara, Shetani, Mwezi, Tatu, Saba, Nane, Tisa na Kumi ya Mapanga, pamoja na Tano ya Vikombe. Kumi. Akaniambia nichukue kalamu. Karata zisizonitisha zilikuwa 68, kwa hiyo nafasi ya kufunua tatu bila kukutana na hata moja ya kutisha ni hii:

```
68/78 × 67/77 × 66/76 = 0.66 takriban
```

Maana yake ni kwamba katika usiku mia, takriban 34 ningefunua angalau karata moja ya kunitia hofu, na hilo lingetokea hata kama nyumbani watu wote wamelala salama. Anayepiga simu kila usiku atatishwa zaidi ya mara mbili kwa wiki. Kisha akahesabu nafasi ya kupata mbili za kutisha kwa pamoja, kama nilivyopata mimi Saba ya Mapanga na Mwezi, ikaja takriban 4 katika mia. Nilidhani hilo ni ishara ya pekee. Lakini mtu anayefunua kila usiku atakutana nalo mara moja hivi kwa mwezi.

“Basi kila wiki,” alisema, “mimi nimekuwa nikihukumiwa mara mbili kwa kosa la kuchanganywa kwa karata.”

Alisema bila hasira, na niliumia zaidi kuliko kama angefoka.

Katika mazungumzo hayohayo ndipo tulipogundua chanzo cha ile sauti nzito iliyonifikisha kwenye karata tangu mwanzo. Ulaya hurudisha saa nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Tanzania haibadilishi saa. Wakati nafika, Bologna na Tanga zilitofautiana kwa saa moja tu, hivyo nilipopiga saa mbili usiku, kwao ilikuwa saa tatu, mtoto yuko macho na mume wangu amemaliza kusahihisha madaftari. Kuanzia mwisho wa Oktoba tofauti ikawa saa mbili. Mimi niliendelea kupiga saa mbili usiku kama kawaida, simu ya mkononi ikiwa imejirekebisha yenyewe, na kwao ikawa inaita saa nne usiku kwa mtu anayeamka alfajiri kuswali na kuwahi daladala ya kwenda shuleni. Miayo niliyoisikia ilikuwa miayo. Mtoto aliyekuwa hapatikani alikuwa amelala kwa sababu ni usiku. Yeye naye alidhani nimeanza kuchelewa kwa sababu masomo yamekuwa mengi, akaona si vema kulalamika.

Kuna na ile kimya ya sekunde mbili. Simu ya mtandao inapopita kwenye mawimbi dhaifu, sauti hufika kwa kuchelewa, na ucheleweshaji huo hausikiki kama hitilafu ya mtambo. Husikika kama mtu anayesita. Njia rahisi ya kuupima ni kuhesabu kwa pamoja: mmoja aseme moja, mwingine ajibu mbili mara tu anaposikia, na muendelee hivyo mpaka tano. Mkiona kila jibu linachelewa kwa kiasi kilekile hata katika kuhesabu, ambako hakuna cha kusitia, mtajua kwamba ni mtandao. Kuzima picha mkabaki na sauti peke yake mara nyingi hupunguza tatizo, na likizidi, ni afadhali kutumiana sauti zilizorekodiwa kuliko kuulizana maswali mazito kwenye simu inayosuasua.

Tulibadilisha mambo machache. Wakati wa baridi nilianza kupiga saa moja usiku badala ya saa mbili, hata kama ilinibidi kupiga nikiwa bado natembea chini ya zile varanda ndefu za Bologna kutoka chuoni, ili kwao iwe saa tatu kama zamani. Tulikubaliana kwamba ugonjwa wa mtu yeyote wa nyumbani usemwe siku hiyohiyo, mtihani uwepo au usiwepo. Hili lilimtaabisha mama mkwe wangu, kwa sababu katika malezi yake kumwambia aliye mbali habari mbaya ni kumtesa bila sababu, na tulihitaji kulirudia kwa heshima mpaka akaridhia. Nilimweleza kwamba mtu aliye mbali akikosa habari hutunga yake, na habari anayoitunga mara nyingi ni mbaya kuliko ile aliyofichwa. Alikaa kimya, kisha siku chache baadaye ndiye yeye aliyenipigia kunieleza kwamba presha yake imepanda.

Karata niliziacha kabisa, kwa sababu ya dini yangu kwanza, na pia kwa sababu nilikwisha kuona zinavyofanya kazi ndani yangu. Ninafahamu hata hivyo kwamba wako wanaosoma haya ambao hawataziacha, na wengine badala ya karata wana ndoto, au namba za magari, au dakika ambazo mume amechukua kabla ya kujibu ujumbe. Kwao ninalo pendekezo moja nililolijaribu katika wiki zile za mpito. Kabla ya kufunua chochote, andika kwenye karatasi maneno ya mwisho ambayo mumeo aliyatamka kwa kinywa chake, kama alivyoyatamka, bila kuongeza sauti ilikuwaje wala kimya kilikuwa cha namna gani. Kisha andika swali unalotaka kumuuliza. Ukishafunua, rudi kwenye karatasi uone kama swali limebadilika. Mimi usiku ule wa Novemba, kama ningeandika, swali langu la kabla lingekuwa “Mtoto yu hali gani?” kwa sababu jana yake alisema Zuhura hakula vizuri. Baada ya karata tatu, nikamuuliza yuko na nani.

Na ikiwa umekwisha kuutuma ujumbe kama niliotuma mimi, usijaribu kuurekebisha kwa ujumbe mwingine. Maandishi husomwa kwa sauti ya yule aliyeumia. Subiri siku ambayo nyote mmelala vizuri, piga asubuhi, useme hofu yako kama hofu, kwa jina lake: “Niliogopa kwamba una mwanamke mwingine.” Mume wangu aliniambia baadaye kwamba sentensi hiyo aliweza kuijibu, ilhali ule ujumbe hakuwa na mahali pa kuanzia. Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Ulaya zinasogezwa mbele tena. Wiki hiyo nilirudi kupiga saa mbili usiku, na safari hii nilimwarifu mapema.